Dhahabu Kidogo Kidogo ama Kurusha Dooh Yote Siku Moja? Hesabu ya Msee wa Kitengela

Ukikaa Kitengela mda kidogo utagundua pesa huingia kwa njia mbili. Kuna yule msee wa EPZ Athi River anayengoja mwisho wa mwezi, mshahara uingie, rendi itoke, na kile kinabaki ndio chake. Alafu kuna yule ameuza ploti kando ya Namanga Road, ama ameteremsha mafahali watano soko la Bissil, na ghafla ako na laki kadhaa kwa simu na hajui azifiche wapi.

Hao wawili wakiskia bei ya dhahabu imepanda, kila mmoja anauliza swali lile lile: ninunue pole pole ama niingie na zote? Shida ni kwamba hilo swali si la wote wawili. Tuanzie hapo, juu hapo ndipo stori nyingi za mtandaoni hukosea.

DCA ni nini hasa

Wasee wa fedha huita hii mbinu DCA. Maana yake ni rahisi: unatenga kiasi kile kile cha pesa, unanunua tarehe ile ile kila mwezi, bila kujali bei iko wapi. Bei ikipanda, bob 10,000 yako inanunua gramu chache. Bei ikishuka, bob 10,000 ile ile inanunua gramu zaidi. Hukisii, huchungulii chati saa nane usiku.

Mbinu ya pili ni kununua kwa mpigo. Dooh yote inaingia siku moja, kwa bei moja. Ukipata bei poa, umeomoka. Ukipata bei mbaya, unaishi nayo.

Sasa angalia: huyu wa mshahara hana hiyo laki ya kurusha mara moja. Akinunua ya bob 3,000 kila mwezi, hajachagua DCA dhidi ya kitu kingine. Ananunua pesa inapofika, basi. Swali lake la kweli ni gharama, na tutalifikia. Mwenye kuchagua ni yule wa ploti na mafahali, juu pesa yote iko mkononi leo, na kila mwezi anaongoja ni uamuzi.

Dhahabu yako ina bei mbili

Kabla ya hesabu, kuna kitu msee wa Kenya lazima ashike. Dhahabu ya dunia huuzwa kwa dola, kwa aunsi. Aunsi moja ya dhahabu ni karibu gramu 31.1. Wewe unalipa kwa shilingi. Kwa hivyo ukinunua dhahabu unanunua vitu viwili kwa pamoja: chuma chenyewe, na dola.

Hii si nadharia. Mwisho wa Januari 2024 dola moja ilikuwa karibu bob 160. Wengi walikuwa wanaona itafika 200. Serikali ikauza Yurobondi mpya ya dola bilioni 1.5 mwezi wa Februari, ikaitumia kulipa sehemu kubwa ya ile ya zamani iliyokuwa inaiva Juni, na hofu ikatoka sokoni. Kufikia mwisho wa Machi dola ilikuwa imeshuka hadi karibu bob 132.

Katika hiyo miezi miwili dhahabu ilipanda kwa dola, kutoka karibu 2,050 hadi 2,210 kwa aunsi. Mtu wa London alikuwa anacheka. Lakini kwa shilingi, gramu moja ilishuka kutoka karibu bob 10,550 hadi karibu 9,380. Chuma kilipanda, shilingi ikapata nguvu zaidi ya hapo, na msee wa Kitengela akapoteza bob zaidi ya elfu moja kwa kila gramu. Yaani hata ukibahatisha sawa kuhusu dhahabu, bado unaweza kuchapwa na dola.

Hesabu ya kwanza: Januari hadi Juni 2024

Tuseme umeuza fahali mmoja na umetenga bob 60,000 ya dhahabu. Una njia mbili: zote mwisho wa Januari, ama bob 10,000 mwisho wa kila mwezi hadi Juni. Bei za gramu kwa shilingi, tukizungusha na kuacha gharama kando kwa sasa, zilikuwa hivi:

- Januari: 10,550
- Februari: 9,560
- Machi: 9,380
- Aprili: 9,840
- Mei: 9,900
- Juni: 9,660

Aliyerusha zote Januari alipata gramu 5.69. Aliyegawanya alipata gramu 6.12. Kwa bei ya Juni, wa kwanza ako na karibu bob 54,900 na wa pili karibu 59,100. Tofauti ni bob 4,200, na imeenda kwa aliyegawanya.

Lakini ona pia hii: hata aliyegawanya bado ako chini ya ile 60,000 aliyoweka. DCA haikumpea faida. Ilipunguza kichapo tu. Akikuambia mtu kwamba kununua kidogo kidogo huwezi kupoteza, huyo anakuuzia kitu.

Na kuna siri ndogo hapa ambayo watu hawapendi kuisema. Chukua zile bei sita uzijumlishe ugawanye kwa sita, unapata wastani wa bob 9,815. Gharama halisi ya aliyegawanya ilikuwa karibu bob 9,801 kwa gramu. Hiyo "miujiza" ya kununua gramu nyingi bei ikishuka ilimwokolea karibu bob 14 kwa gramu. Peke yake! Kile kilimsaidia sana ni kitu kingine kabisa: hakuwa ameweka yai lote kwa bei ya Januari. DCA haitengenezi pesa. Inakutoa kwenye hatari ya siku moja mbaya.

Hesabu ya pili: Januari hadi Juni 2025

Sasa rudia mchezo ule ule mwaka uliofuata. Safari hii dola ilikuwa imetulia karibu bob 129 mda wote, kwa hivyo ni dhahabu peke yake iliyokuwa inasonga, na ilikuwa inasonga juu. Mwisho wa Januari 2025 gramu ilikuwa karibu bob 11,600. Mwisho wa Machi karibu 12,900. Mwisho wa Juni karibu 13,600.

Aliyeweka 60,000 yote Januari alipata gramu 5.17, na Juni zilikuwa na thamani ya karibu bob 70,300. Aliyegawanya mara sita alipata gramu 4.68, thamani karibu bob 63,700. Wote wamepata, lakini aliyegawanya ameacha karibu bob 6,600 mezani juu alikuwa anangoja huku bei inakimbia.

Kwa hivyo mbinu moja ilishinda 2024, nyingine ikashinda 2025, na hakuna mtu Januari angejua ni gani. Sheria iko wazi: kitu kikiwa na mazoea ya kupanda, kununua mapema hushinda mara nyingi. Kampuni ya Vanguard ilipima hii 2012 kwa mchanganyiko wa hisa na bondi huko Amerika, Uingereza na Australia, na kuweka zote mara moja kulishinda karibu mara mbili kwa kila tatu. Lakini hizo ni hisa na bondi, vitu vinavyolipa gawio na riba. Dhahabu hailipi kitu. Imekaa tu pale ikingoja mtu mwingine ailipie zaidi, ndio maana inaweza kulala miaka mingi.

Ile moja kati ya tatu inauma aje

Septemba 2011 dhahabu ilifika karibu dola 1,900 kwa aunsi. Kila mtu alikuwa anaimba dhahabu. Dola wakati huo ilikuwa karibu bob 95, kwa hivyo aunsi ilikuwa karibu bob 180,000. Desemba 2015 bei ilikuwa imeanguka hadi karibu dola 1,050. Hata na dola kupanda hadi karibu bob 102, aunsi ilikuwa imebaki karibu bob 107,000. Aliyeingia na zote pale juu alikuwa amepoteza karibu bob 40 kwa kila bob 100, na alingoja hadi 2020 ndio arudishe pesa yake. Karibu miaka tisa.

Linganisha na msee aliyekuwa akinunua kwa kiasi kile kile kila mwaka kutoka 2012 hadi 2015, kwa bei za wastani za miaka hiyo. Gharama yake ilikuwa karibu bob 121,000 kwa aunsi. Wastani wa 2016 ulikuwa karibu 127,000. Yeye alikuwa ametoka majini wakati mwenzake bado anazama.

Hapo ndio unaona kile unacholipia. Ukigawanya, unakubali kupata kidogo miaka mizuri ili usikwame miaka tisa ukiingia siku mbaya. Ni kama bima. Bima ina bei, na mwaka bila ajali unaiona ni hasara.

Wafugaji wa Kajiado wanajua hii hesabu bila chati. Kwenye ule ukame wa 2022, aliyengoja hadi ng'ombe wote wakonde ndio auze, aliuza kwa bei ya huruma, juu kila mtu alikuwa anauza siku ile ile. Aliyekuwa ametoa wawili mapema na wawili baadaye hakupata bei ya juu kabisa, lakini pia hakukamatwa na ile ya chini kabisa kwa mifugo yote.

Pesa inayongoja isilale

Ukiamua kugawanya, ile dooh ambayo bado haijanunua lazima ifanye kazi. Usiiache kwa simu, juu utaila. Weka kwa mfuko wa soko la fedha, hii wasee huita MMF, ambayo unaweza kutoa kwa siku chache.

Kwa mfano wetu, mwezi wa kwanza 50,000 inabaki, alafu 40,000, alafu 30,000, hadi iishe. Mfuko ukilipa asilimia 12 kwa mwaka, hiyo ni asilimia 1 kwa mwezi, na jumla unapata karibu bob 1,500 kabla ya ushuru. Kodi ya asilimia 15 ikikatwa, unabaki na karibu 1,275. Haifuti ile 6,600 ya 2025, lakini inapunguza maumivu.

Riba yenyewe hubadilika. Katikati ya 2024 hati za serikali za siku 91 zilikuwa zinalipa karibu asilimia 16. Kufikia mwisho wa 2025 zilikuwa chini ya 8. Kungoja kulikuwa na malipo mazuri 2024, na malipo ya kawaida tu baadaye. Angalia riba ya leo kabla hujaamua utagawanya kwa miezi mingapi.

Unanunua wapi, na gharama inakula wapi

Hapa ndio msee wa mshahara anachomeka zaidi.

Njia ya karatasi ni mfuko wa NewGold, ambao umeorodheshwa soko la hisa la Nairobi, NSE, tangu Machi 2017. Kila kipande kinasimamia kidogo chini ya sehemu moja kwa mia ya aunsi, na dhahabu yenyewe inawekwa kwa niaba ya mfuko, ada ndogo ikikatwa kila mwaka. Katikati ya 2025 kipande kimoja kilikuwa karibu bob 4,000. Unahitaji akaunti ya CDS kupitia broka mwenye leseni ya CMA. Jina la broka liangalie kwa orodha ya CMA yenyewe, usiamini liko kwa tangazo tu.

Mitego hapa ni miwili. Wa kwanza ni ada. Tuseme broka wako ana kiwango cha chini cha bob 100 kwa kila oda. Ukinunua ya bob 4,000, hiyo ni asilimia 2.5 imeenda kabla hujaanza. Ukinunua ya bob 10,000, ni asilimia 1. Kwa hivyo ukiweza kutenga bob 3,000 kwa mwezi, usinunue kila mwezi. Weka kwa MMF, ununue kila baada ya miezi mitatu. Kwa bei ya hapo juu, bob 9,000 inakupea vipande viwili na chenji, na umelipa ada mara moja tu. Bado ni DCA. Hakuna sheria inasema lazima iwe kila mwezi.

Mtego wa pili ni kwamba NewGold haiuziwi sana Nairobi. Siku zingine wanunuzi na wauzaji ni wachache, na bei anayotaka muuzaji inaweza kuwa mbali na thamani ya dhahabu yenyewe. Usiweke oda ya "nipe kwa bei yoyote". Fanya hesabu yako kwanza: bei ya aunsi kwa dola, mara shilingi za dola moja, gawanya kwa mia, upunguze kidogo juu kipande hakifiki mia kamili. Hiyo ndio bei ya kulinganisha. Weka oda yenye bei ya kikomo karibu na hapo, na isipojibiwa leo, ngoja kesho.

Njia ya mkononi ni sonara. Hii ni poa kama unataka mkufu, lakini kwa DCA ni noma. Unalipa dhahabu pamoja na kazi ya fundi, na ukirudi kuuza, kazi ya fundi hairudi. Karati pia ina maana: ya 24 ni dhahabu tupu, ya 18 ni robo tatu dhahabu na robo chuma kingine, ya 9 haifiki hata nusu. Kabla ya kununua muulize sonara swali moja: "Nikikurudishia hii kesho, utanipa ngapi?" Akisema 85 kwa kila 100, basi dhahabu lazima ipande karibu asilimia 18 ndio urudi sufuri. Hakuna DCA inayotibu hiyo.

Na ile njia ya tatu, ya msee kwa WhatsApp ana dhahabu ghafi ya Kongo kwa nusu bei? Chini ya Sheria ya Madini ya 2016, kuuza na kununua madini kunahitaji kibali. Kesi za dhahabu feki Nairobi zimekamata hadi wageni wenye mamilioni. Nusu bei ndiyo dalili yenyewe.

Ukiwa na laki mkononi leo

Kwanza, kata kiasi cha dhahabu, na kiwe sehemu ndogo ya pesa yote. Karo, madeni na akiba ya dharura hazingojani na bei ya aunsi.

Pili, jiulize swali moja la ukweli: ukiweka zote leo na kesho zishuke asilimia 20, utalala? Kama utalala na huzihitaji kwa miaka mingi, kuweka zote ni sawa, na historia iko upande wako kidogo. Kama utauza kwa hofu, gawanya. Ile mbinu inayokuweka ndani ya mchezo ndio nafuu kwako.

Tatu, ukigawanya, andika tarehe na kiasi kabla ya kununua mara ya kwanza. Mara nne hadi sita inatosha. Ukivuta hadi miaka miwili, hiyo si DCA tena, ni kungoja tu umeipa jina zuri.

Nne, shika tarehe. Njia ya kawaida DCA hukufa ni hii: bei inashuka mwezi wa tatu, msee anasema "wacha itulie kwanza", anaruka mwezi wa nne, anarudi wa saba bei ikiwa juu. Ameruka miezi ile ile ambayo pesa yake ingenunua gramu nyingi. Dalili ya kujua uko hapo ni rahisi. Ukiwa unafungua chati kabla ya kulipa, umeacha mpango na umerudi kubahatisha.